Kwa nini betri ya haibridi haijazwi wala haimalizwi: kwa fundi anayeanza

Wiki ya kwanza kijana akiingia gereji yetu, swali lake huwa lile lile. Ameunganisha skana kwenye Toyota Aqua, ameona `SOC`, yaani asilimia ya chaji iliyomo kwenye betri, inasoma 58, gari limezunguka mtaani nusu saa, anarudi inasoma 61. Ananifuata: "Fundi, betri hii mbona haijai? Si itakuwa imekufa?" Namwambia ikijaa ndipo aje aniite.

Wengi wetu tumekuja kwenye kazi hii na akili ya simu au ya betri ya sola: chaji mpaka mia, tumia mpaka iishe, chaji tena. Betri ya haibridi haikutengenezwa iishi hivyo. Kwenye Prius na Aqua zenye betri ya nikeli, kompyuta inaishikilia kati ya asilimia 40 na 80 hivi, na muda mwingi inapenda ikae jirani na 60. Dashibodi nayo inakudanganya kwa nia njema. Vijiti vikijaa vyote, ndani iko kama 80. Kikibaki kimoja cha chini, bado kuna chaji ya kutosha ambayo gari limekataa kukupa.

Chukua Aqua, maana ndiyo itakayokuletea kazi nyingi. Chini ya kiti cha nyuma kuna moduli 20, kila moja ina seli 6 za volti 1.2, zote zimefungwa kwa mfululizo: jumla seli 120 na volti 144. Ujazo wake ni ampea-saa 6.5, yaani wati-saa 936. Ukichukua asilimia 40 tu ya hapo, unabaki na wati-saa 374 za kuchezea. Ni kidogo kweli. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ingezimaliza ndani ya dakika 23.

Kwa nini basi wenye gari wajinyime zaidi ya nusu ya betri waliyoinunua? Anza na upande wa juu.

Seli ya nikeli ikiwa katikati, karibu umeme wote unaouingiza unakaa. Ikianza kukaribia kujaa, bamba chanya linashindwa kupokea wote, na sehemu ya umeme inaanza kutengeneza oksijeni kutoka kwenye maji yaliyomo ndani ya seli. Oksijeni hiyo inasafiri hadi bamba hasi, inaungana tena, na kazi yote hiyo inageuka joto. Kwa hiyo unachaji lakini chaji haiongezeki, kinachoongezeka ni joto na mgandamizo. Mgandamizo ukizidi, valvu ndogo ya usalama inafunguka na kutoa gesi. Gesi ile ni maji ya seli, na yakishatoka hayarudi. Seli inakauka taratibu, ukinzani wake wa ndani unapanda, na mara nyingine inapashwa moto na umeme ule ule ambao zamani ilikuwa inaupitisha bila shida. Joto lenyewe linaharakisha kisa chote, kwa sababu seli ya moto inaanza kutoa oksijeni mapema kuliko ya baridi. Ndiyo maana mimi, gari la Dar likiingia, kabla ya skana naangalia matundu ya feni pembeni mwa kiti cha nyuma. Mara nyingi nakuta vumbi limeshikamana na nywele za mbwa au nyuzi za zulia kama blanketi.

Upande wa chini una hatari nyingine, na hii ndiyo inayoua betri nyingi ninazofungua. Seli 120 kwenye mfululizo zinapitisha mkondo ule ule, lakini haziko sawa hata siku moja. Ukivuta umeme mpaka karibu na mwisho, iliyo dhaifu inaisha kwanza. Zenzake bado zina nguvu, zinaendelea kusukuma mkondo kupitia kwake, na yeye anageuzwa: chanya inakuwa hasi. Hapo inatengeneza haidrojeni, mgandamizo unapanda, valvu inafunguka, na tumerudi pale pale kwenye kukauka. Zaidi ya hapo, seli iliyo karibu tupu ina ukinzani mkubwa, kwa hiyo hata ikikubali kutoa umeme, inautoa ikiwa inaungua.

Kuna sababu nyingine isiyo ya kemia: pale katikati betri ina nafasi ya kupokea na ina kitu cha kutoa kwa wakati mmoja. Fanya hesabu nami. Aqua yenye abiria wachache ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Ikisimama kutoka kilomita 60 kwa saa, mwendo wake una wati-saa 50, na ukifanikiwa kurudisha nusu, ni asilimia 3 tu ya betri. Foleni yote ya Morogoro Road, funga breki ondoka, inacheza ndani ya asilimia chache juu na chini ya 60, na mizunguko midogo namna hiyo haiichoshi seli kama mzunguko mmoja wa kujaza na kumaliza.

Mlima ni habari nyingine. Kutoka 60 hadi 80 kuna nafasi ya wati-saa 187 tu. Gari lile lile likishuka mita 100 za kimo, linaachilia wati-saa zaidi ya 350. Ukitoa upepo, matairi na hasara za mota, mteremko wa mita mia na kitu unatosha kuifikisha ukingo wa juu wa dirisha lake la 40 hadi 80. Mteja akishuka Kitonga atakwambia injini iliunguruma yenyewe bila yeye kugusa mafuta. Si ubovu. Betri imefika juu, kompyuta imekataa kuijaza zaidi, na mota inatumia umeme wa ziada kuzungusha injini isiyochoma mafuta ili gari lishikwe. Mwambie aweke gia kwenye B mapema kwenye mteremko mrefu, aokoe breki zake.

Mpaka hapa utaniuliza: kama kompyuta inalinda hivyo, betri zinakufaje? Nitakueleza kwa kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha kuliko chochote.

Ililetwa Aqua yenye pembetatu nyekundu kwenye dashibodi na `P0A80`, msimbo wa hitilafu unaosema betri ya haibridi imechoka. Skana inaonyesha moduli mbili mbili, blok 10. Gari likiwa limetulia, zote zilikuwa zinakaribiana; kijana mgeni angesema betri ni nzima, haina ubovu. Nikakanyaga breki na mafuta kwa pamoja gari likiwa kwenye D, betri ikafanyishwa kazi, na blok moja ikashuka zaidi ya volti 2 chini ya zenzake. Nikafungua, nikampata mgonjwa, nikaweka moduli moja kutoka betri ya gari lililogongwa, nikafuta msimbo wa hitilafu, mteja akaondoka anacheka. Baada ya miezi mitatu akarudi, na safari hii hakuwa anacheka. Blok nyingine imeanguka.

Nilichokosa ni hiki. Dirisha la 40 hadi 80 ni la betri nzima kama kompyuta inavyoikadiria, kwa kuhesabu mkondo unaoingia na kutoka. Kompyuta haioni chaji ya kila seli. Na volti ya betri ya nikeli pale katikati iko karibu tambarare, kwa hiyo haisaidii sana kujua ukweli. Sasa tuseme betri imeshuka kutoka 60 hadi 40. Zimetoka ampea-saa 1.3. Kwa moduli nzima ya 6.5, hiyo ni asilimia 20. Lakini kwa moduli iliyochoka, iliyobakiwa na uwezo wa ampea-saa 2.5, ampea-saa 1.3 zile zile ni asilimia 52. Ikianza na 60 itafika 8. Ikianza na 45, itapita sifuri na kugeuzwa, wakati skana inakuonyesha `SOC` 40 na moyo wako umetulia. Upande wa kuchaji ni hivyo hivyo: inafika juu mapema, inaanza kupika. Kila moduli ina dirisha lake, na la mgonjwa ni jembamba kuliko kompyuta inavyodhani.

Mimi niliingiza moduli ngeni yenye chaji tofauti na zenzake, bila kupima uwezo wa zile 19 nilizoziacha. Wagonjwa waliojificha nyuma ya yule wa kwanza waliendelea kusukumwa nje ya dirisha lao kila kona.

Siku hizi sibadilishi moja nikafunga. Nachomoa kishikio cha huduma kinachokata umeme wa betri, glavu mkononi, nasubiri dakika 10, nashusha betri, kila moduli inapimwa uwezo: inachajiwa taratibu, inashushwa hadi volti 6, mara tatu, na nasoma ampea-saa zilizotoka. Zinazobaki nyuma sana zinakwenda pembeni. Zilizofanana zinaunganishwa sambamba usiku kucha zilingane kabla ya kurudi kwenye mfululizo.

Hapo ndipo kijana mwerevu ananishika: "Fundi, si umesema kujaza kunaua?" Kunaua, ndiyo, ukifanya kila siku kwa mkondo wa barabarani. Mezani ni mizunguko mitatu kwa mkondo mdogo, feni inapuliza, na moduli zimebanwa kwa bamba mbili kama zilivyobanwa garini. Usichaji moduli ikiwa huru mezani. Ganda lake ni plastiki, mgandamizo wa ndani utaifanya ivimbe kama mkate, na ikishavimba hairudi kwenye nafasi yake.

Dalili ya dirisha kupungua utaiona kabla ya taa kuwaka, ukimuuliza mteja vizuri. Vijiti vya dashibodi vinashuka kutoka juu hadi chini ndani ya dakika chache, kisha vinapanda kwa kasi ile ile. Hiyo si betri inayochaji haraka, ni betri iliyobaki ndogo. Feni nayo inapiga kelele asubuhi kabla jua halijawa kali.

Na mambo mawili ya mteja kwenye foleni. Asikae kwenye N huku kiyoyozi kinafanya kazi, kwa sababu kwenye N gari halichaji betri hata injini ikinguruma. Pili, mafuta yakimwishia asiendelee kutambaa na umeme mpaka gari lizime. Niliwahi kufuata Aqua Mbezi iliyotembezwa hivyo hadi kituo cha mafuta kikawa kinaonekana, mita kama mia mbili mbele. Mafuta tuliyaweka, lakini taa ya `READY`, inayoonyesha gari liko tayari kuondoka, haikuwaka. Hapakubaki umeme wa kuzungushia injini, na betri ilibidi ishushwe, ichajiwe moduli kwa moduli. Katika zile 20, nne hazikurudi.