Vipimo vya kusheki margarita haviendi kwenye blenda

Swali: Kaka habari, margarita yangu ya kusheki wageni wanaipenda, naweka tekila ml 50, likeri ya chungwa 25, ndimu 20. Nikimwaga vipimo hivyohivyo kwenye blenda na kikombe kikubwa cha barafu inatoka majimaji na chachu, utamu hakuna. Na chumvi ya mdomo wa glasi inaporomokea ndani. Nakosea wapi?

Jibu: Salama dada. Vipimo vyako vya kusheki viko poa, usiviguse, shida ni barafu. Kwenye sheka barafu inapoza alafu inabaki kwenye chujio, ukisheki sekunde 12 hivi mpaka bati linashika ukungu na vidole vinauma, ile ml 95 yako inaongezeka maji kiasi tu, basi. Kwenye blenda hamna barafu inayobaki, yote inanywewa. Kikombe kikubwa tuseme ni gramu 250, kwahiyo umefika karibu ml 345 na sukari ni ileile iliyotoka kwenye likeri, kama gramu 6, kijiko cha chai na ushee. Afu ulimi ukishikwa na baridi kali unasikia utamu kidogo sana, onja aiskrimu iliyoyeyuka utashangaa ilivyo tamu kupitiliza wakati ilipoganda uliiona ya kawaida tu.

Wengi hapo wanaongeza likeri ili kupata utamu na ndo wanaharibu zaidi, maana likeri inakuja na pombe yake na pombe ikizidi barafu inayeyuka fasta, unabaki na uji. Utamu uulete kwa shira, sukari na maji sawa kwa sawa, iliyopoa kabisa. Mimi glasi moja naweka tekila ml 50, likeri 20, ndimu 25, shira 20, na barafu gramu 170, ipime kwenye mizani ya jikoni siku ya kwanza ujue inajaza kikombe chako mpaka wapi. Ndimu nimepandisha makusudi kwa sababu maji yameongezeka, na shira ndo inaibeba. Tekila na likeri viweke friza toka asubuhi, haviwezi kuganda ikiwa likeri yako ni ya asilimia 40. Ukiwasha, blenda itapiga kelele kama inasaga kokoto, alafu sauti inalainika na katikati panatokea kishimo kinachozunguka, zima hapohapo, ukiendelea kisu kinaleta joto.

Huu ujanja wa sukari sio mpya. Mariano Martinez, mwenye mgahawa kule Dallas, mwaka 1971 aligeuza mashine ya aiskrimu laini iwe inatoa margarita baada ya wateja kulalamika kuwa za blenda kila moja ina ladha yake, na mashine ile leo iko makumbusho ya Smithsonian. Hata kwenye mashine ni hivyohivyo, mchanganyiko ukiwa na sukari kidogo unaganda kama jiwe, pombe ikizidi haugandi.

Kabla ya yote soma lebo ya likeri yako. Cointreau ina pombe asilimia 40, ni kavu na inakata, ila kuna triple sec za bei rahisi ziko asilimia 15 mpaka 25, ukiweka ml 25 ya hiyo kwenye ya kusheki utapata kitu kama juisi, kinakaa kizito mdomoni na tekila haisikiki. Ikiwa ndo uliyonayo shuka mpaka 20 kwanza, chovya mrija uonje, bado ikilemea ongeza ndimu ml 5, usibadili viwili kwa mpigo maana hutojua kipi kimefanya kazi. Na ndimu ikamue siku hiyohiyo, sio ya jana.

Kuhusu chumvi, naona unachovya mdomo wa glasi kwenye maji alafu kwenye chumvi ya unga, sivyo? Hiyo inalowa inakuwa tope na inashika mpaka ndani. Tafuta chumvi ya mawe, iponde kidogo tu. Chukua kipande cha ndimu upitishe ubavu wa NJE peke yake, upana kama wa kidole, inamisha glasi na uibingirishe kwenye sahani, alafu pangusa ndani kwa tishu. Iache ikauke dakika chache kabla hujamimina, na kwa ile ya blenda usitumie glasi iliyotoka friza, inatoa jasho na chumvi inatiririka. Weka nusu ya mdomo tu. Chumvi inapunguza uchungu ule wa ganda la chungwa na utamu unajitokeza, lakini ikiingia kwenye kinywaji chenyewe huwezi kuitoa, na mwenye kutaka bila chumvi anageuza glasi anywee upande wa pili.