Ikisiri ya Kiingereza Isidai Zaidi ya Makala

Anayetafsiri ikisiri yake ya Kiswahili kwa Kiingereza kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ugumu uko kwenye istilahi, ilhali mara nyingi hoja huharibika wakati wa kupunguza maneno. Majarida mengi huweka ukomo wa maneno 150 hadi 250, na Kiswahili hubeba mengi ndani ya kitenzi kimoja. Chukua sentensi hii: “Matokeo yanaonesha kwamba baadhi ya walimu waliohojiwa hawakuwasahihisha wanafunzi waliochanganya lugha.” Ina maneno 11, lakini tafsiri yake ya Kiingereza hufika 16 bila kuongezwa chochote, kwa kuwa “hawakuwasahihisha” pekee hudai maneno kadhaa.

Ikisiri inapozidi ukomo, maneno yanayofyekwa kwanza huwa ni “baadhi ya” na “waliohojiwa”, kwa sababu yanaonekana madogo. Yakiondoka, sentensi inadai kwamba walimu kwa jumla hawasahihishi, dai ambalo mahojiano na walimu wachache hayawezi kulithibitisha, na mpitiaji makini atalishika hapo hapo. Afadhali ufute “matokeo yanaonesha kwamba”, au upunguze maelezo ya usuli ambayo msomaji atayakuta kwenye utangulizi. Kadhalika kitenzi kibaki katika wakati uliopita, maana wakati uliopo wa Kiingereza hugeuza jambo lililotokea kwa watu fulani likawa desturi ya wote.

Kuna pia utata ambao Kiswahili hutuvumilia na Kiingereza hakituruhusu. Ukiandika “Kutokana na mahojiano, walimu waliacha kusahihisha”, je, mahojiano ndiyo yaliyowafanya waache, au ndiyo yaliyokufichulia kwamba waliacha? Amua kabla ya kutafsiri, kisha urekebishe hata ikisiri ya Kiswahili, kwa kuwa jarida huenda likachapisha zote mbili na wapo wasomaji watakaozilinganisha.

Istilahi muhimu zinahitaji uamuzi wa namna hiyo hiyo. “Kuchanganya lugha” ni maelezo ya kawaida, ilhali wanaisimujamii wengi hutenganisha kuchanganya msimbo ndani ya sentensi na kubadili msimbo kati ya sentensi na sentensi. Chagua istilahi inayolingana na data yako, uitumie hiyo hiyo katika kichwa, ikisiri na orodha ya maneno muhimu, kisha uitafute kwenye hifadhidata ya taaluma yako, kwa mfano ERIC kwa elimu, uone kama makala zinazojitokeza zinahusu jambo unalolichunguza. Zikihusu jambo jingine, istilahi hiyo itakupeleka kwa wasomaji wasio wako, hata kama kamusi inaikubali.

Mwisho, mpe mwenzako ambaye hajasoma makala ile ikisiri ya Kiingereza peke yake, umwombe akueleze kwa Kiswahili nani alifanya nini, wangapi, na kwa sababu gani. Usimsahihishe anapoeleza. Akisema “walimu wote”, rudi kwenye sentensi hiyo.