Raba ya soli nene imekatika njiani: kagua hivi kabla hujalipa

"Wakuu, nipo Tanga, natafuta raba ya mtumba ya kila siku. Ndefu, fupi, ya soli nene au ya kutumbukiza, ipi itadumu? Na hiyo soli ya kati mnayoitaja ndiyo ipi?"

Mkuu, ishike raba uitazame ubavuni. Kinachokanyaga lami ni soli ya chini. Tabaka lililo juu yake, ambalo mara nyingi ni jeupe, ndilo soli ya kati, na ndilo linalobeba uzito wako. Kitambaa au ngozi inayofunika mguu ni sehemu ya juu tu, ingawa wengi wetu hukagua hiyo hiyo.

Mimi nilikagua hiyo hiyo. Niliokota raba ya soli nene kwenye belo pale Ngamiani, ngozi inang'aa, kisigino hakijalika. Nikaivaa kwenda msibani Pongwe. Kushuka kwenye daladala naona nyuma yangu makombo meupe kama ya mkate. Kufika matangani soli ya kulia imebaki njiani. Fundi aliicheka: "Gundi ishike nini hapa, unga?"

Soli nyingi za aina hiyo ni za poliyurethani, aina ya plastiki yenye povu. Unyevu wa hewani huivunja taratibu kutoka ndani, hata kiatu kikikaa kwenye boksi bila kuvaliwa, na joto huharakisha. Sasa fikiria hewa yetu ya pwani. Kwa hiyo usipumbazwe na upya wa ngozi. Bonyeza soli ya kati kwa ukucha, hasa kwenye mifereji: ikinata, ikimeguka, au alama isipoinuka, irudishe. Kisha ikunje pale vidole vinapopinda utazame nyufa. Ukiona rangi nyeupe mbichi imepakwa, jiulize inaficha nini.

Soli nyepesi sana mkononi huenda ni ya povu la EVA. Hiyo haigeuki unga, ila hubonyea. Iweke mezani, ikilalia upande mmoja mwenzako ameshaimaliza.

Ndefu za turubai mfano wa Chuck Taylor hazina soli nene ya kuoza. Zina ukanda wa mpira uliozungushwa na kikofia cha mpira kinachokinga vidole. Tatizo lake ni ukanda kubanduka kando ya kikofia, mguu unapopinda, na hapo gundi inafanya kazi kwa sababu mpira wenyewe bado mzima. Kero yake ni joto la kifundo. Fupi za namna hiyo hiyo zinakuondolea kero hiyo, ndizo ninazovaa baiskelini.

Ya kutumbukiza ivute zile lastiki mbili za pembeni. Zikirudi kwa uvivu, kisigino kitakuwa kinachomoka kila hatua. Fundi anaweza kushona nyingine, basi toa gharama hiyo kwenye bei kabla hujalipa.