Gawio limeshuka, mwenyekiti aseme nini?

"Kampuni yetu ya vyumba vya baridi hapa Mombasa imepata faida kuliko mwaka jana, lakini gawio tumelishusha kutoka shilingi 5 hadi 2 kwa hisa. Nianzie wapi hotuba yangu kwenye mkutano wa wanahisa?"

Anzia hapo kwenye 2, bwana mwenyekiti. Wanahisa wameshaiona kwenye makabrasha, na unapowasalimu wageni waheshimiwa wao wanapiga hesabu. Itaje kwa pesa ya mkononi: mwenye hisa 1,000 mwaka jana alipata 5,000, ikakatwa kodi ya asilimia 5, akaondoka na 4,750. Safari hii ni 1,900. Bibi wa safu ya mbele akikutangulia kuitaja, utaonekana ulitaka kuificha.

"Si watauliza pesa zimekwenda wapi?"

Watauliza, na hapo ndipo hotuba yenyewe ilipo. Umeniandikia faida ni milioni 9 na hisa ni milioni 1. Milioni 4 ziko kwa wateja waliohifadhi samaki na hawajalipa: vitabuni ni mauzo, benki hakuna kitu. Milioni 3 zilinunua kompresa. Gharama ya kompresa huingia kwenye hesabu ya faida kidogo kidogo kwa miaka, lakini muuzaji alitaka pesa yake yote siku ile ile. Zimebaki milioni 2, ndizo mnazogawa. Kulipa 5 kama zamani kungehitaji mkopo wa milioni 3, na riba yake ingelipwa na wanahisa hao hao.

Mambo ya "hali ngumu ya uchumi" yaache, kwani hayakuwakopesha wateja wako nafasi ya kuhifadhi samaki. Sema hivi: "Sisi wakurugenzi tuliwapa wateja wawili siku 90 bila kikomo cha deni. Sasa kikomo kipo." Kisha kaa kimya kidogo. Ukiongeza "lakini", umeharibu.

"Na akisimama mtu kusema tumezila?"

Mshukuru kwa kuuliza, umfungulie ukurasa wa mtiririko wa fedha, umwoneshe kompresa na madeni kwa kidole. Mkaguzi wa hesabu akiwepo, mwache aeleze. Ila posho zenu wakurugenzi zikiwa zimepanda mwaka huu huu, zitaje mapema wewe. Hilo sina dawa yake.

"Wanaweza kupiga kura tulipe 4?"

Soma katiba ya kampuni yenu. Nyingi husema mkutano unaweza kupitisha kiwango kilichopendekezwa na wakurugenzi au kukipunguza, si kukizidisha. Nenda nayo, ukiwa umekitia alama kifungu chenyewe.

"Niwaahidi mwakani tutarudi 5?"

La. Waambie watazame nini: zile milioni 4 zikiingia na deni jipya lisipovuka kikomo, kutakuwa na cha kuongeza. Deni likikaa pale pale, hata 2 itakuwa taabu, na wajue hivyo leo.