Mshahara laki tatu za Kenya, mbona NSSF wanakata 4,320 tu?

SWALI: Dada habari za kazi. Nilikuwa nimeajiriwa hapa Dodoma kampuni binafsi, NSSF nakatwa asilimia 10 na mwajiri anaweka 10. Mwaka huu nimehamia Nairobi, mshahara laki tatu za Kenya. Salari slipu ya Novemba 2025 NSSF imekatwa 4,320 tu, wakati bima ya afya imekatwa 8,250. Wenzangu ofisini wanasema ni kawaida. Ni kweli au napunjwa? Na uzeeni itakuwaje?

JIBU: Hupunjwi kaka, hesabu iko sahihi kabisa. Ila kwenye uzee ndo una haki ya kuwa na wasiwasi, na huo wasiwasi usiuache upite hivi hivi.

Wewe umekulia kwenye mfumo wetu ambao hauna ukomo. NSSF ya huku inachukua asilimia 20 ya mshahara wako wote, uwe unalipwa laki nne au milioni nane, asilimia ni ile ile mpaka shilingi ya mwisho. Kenya sheria yao ya NSSF ya 2013 imeweka mshahara wa juu kabisa unaoweza kukatwa mchango, ukivuka hapo kilichozidi hakiguswi. Kuanzia Februari 2025 mpaka Januari 2026 huo ukomo ni shilingi 72,000 kwa mwezi. Asilimia yao ni 6 kwako na 6 kwa mwajiri, kwahiyo 6 ya 72,000 ndo hiyo 4,320 yako. Anayelipwa 72,000 anakatwa 4,320, wewe wa 300,000 unakatwa 4,320, na bosi wako wa 900,000 naye hivyo hivyo.

Bima ya afya ikaonekana kubwa kwa sababu yenyewe haina ukomo, SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, laki tatu inatoa 8,250. Tozo ya nyumba pia haina ukomo, angalia hapo chini yake utakuta 4,500 ambayo ni asilimia 1.5. Kwenye slipu nzima ni NSSF tu iliyofungwa kwa juu, ndo maana inaonekana kama imekosewa.

Sasa uzee. NSSF ya Kenya ni akaunti yako mwenyewe, unachoweka na mwajiri anachoweka pamoja na faida ya uwekezaji ndo utakachokuta, tofauti na huku ambako pensheni inapigwa kwa fomula ya miezi uliyochangia na wastani wa mshahara wako. Kwenye akaunti ya aina hiyo mchango ukiwa mdogo hakuna fomula ya kukuokoa mbele ya safari.

Chukua dereva wa ofisi yenu, tuseme analipwa 60,000. Yuko chini ya ukomo kwahiyo anakatwa asilimia 6 kamili, 3,600, mwajiri anaweka 3,600, kwa mwezi 7,200. Miaka 10 mshahara ukibaki hapo hapo na tukiacha faida pembeni, ana 864,000. Hiyo kwake ni mishahara ya miezi 14 na zaidi kidogo. Wewe unaingiza 4,320 mara mbili, yaani 8,640 kwa mwezi, miaka 10 inakuwa 1,036,800. Umemzidi dereva kwa laki na sabini hivi, lakini kwako wewe hiyo ni mishahara ya miezi mitatu na nusu tu. Faida haibadilishi picha maana inaongeza kwenu wote kwa kiwango kile kile. Dereva akistaafu pengo lake litakuwa dogo kuliko lako, wewe uliyezoea nyumba ya kupanga ya maana na ada za watoto za shule ya kulipia utaporomoka. Ungekuwa bado na asilimia 20 za huku, miaka 10 michango peke yake ingefika mishahara ya miezi 24.

Kwa asilimia, wewe unachangia 1.44 ya mshahara wako. Sheria inasema 6, na ni kweli kwa wengi, ila kila mshahara unavyopanda juu ya ukomo ile asilimia halisi inashuka, na haikuonyeshi popote kwenye slipu. Ukipandishwa mshahara kesho mpaka 400,000 mchango hauongezeki hata senti, bonasi ya Desemba nayo hivyo hivyo kwa sababu tayari umeshagonga juu.

(Watumishi wa serikali wa hapa Dodoma wasicheke. Ukomo hamna, ila PSSSF mnachangia kwenye mshahara wa msingi tu, mtu ambaye nusu ya anachoingiza ni posho naye uzeeni anakutana na kitu kile kile kwa mlango mwingine.)

Kuna pesa ambayo mwajiri wako haitoi, na wengi hawaioni kabisa. Bila ukomo angekuwekea asilimia 6 ya laki tatu, yaani 18,000. Anaweka 4,320. Kila mwezi 13,680 inabaki kwake, kisheria kabisa. Ndo maana Kenya waajiri wengi wa watu wenye mishahara mikubwa wana skimu ya pensheni ya kazini juu ya NSSF, nafasi iliyoachwa na ukomo inajazwa huko. Kwahiyo swali la kwanza la kumuuliza afisa rasilimali watu ni je, tuna skimu ya kazini, na mwajiri anachangia asilimia ngapi ya mshahara wote. Kama hakuna, basi hapo una hoja ya kukaa naye mezani wakati wa kuongeza mkataba, na hiyo 13,680 ndo namba ya kuanzia mazungumzo.

Ila akikujibu ndiyo ipo, usishukuru haraka, fungua slipu. Mchango wa NSSF wa Kenya umegawanyika mara mbili. Sehemu ya kwanza, Tier I, ni asilimia 6 ya 8,000 za mwanzo, yaani 480, hii lazima iende NSSF. Sehemu ya pili, Tier II, ni asilimia 6 ya kile kilichopo kati ya 8,000 na 72,000, yaani 3,840, na hii sheria inaruhusu mwajiri aipeleke kwenye skimu binafsi iliyoidhinishwa badala ya NSSF. Sasa kuna waajiri wanahamisha hiyo Tier II halafu wanawaambia wafanyakazi kwamba kampuni ina pensheni yake. Ni kweli ina, lakini ndani yake hamna kitu cha ziada, ni ile ile 4,320 ya lazima imegawanywa sehemu mbili. Ukiona kwenye slipu NSSF 480 na mstari mwingine wa pensheni 3,840, ujue huna skimu ya nyongeza. Ya nyongeza utaijua kwa sababu inahesabiwa kwa asilimia ya mshahara wako wa laki tatu na itazidi hapo waziwazi. Kwako slipu inaonyesha 4,320 nzima kwenye NSSF, na kama hakuna mstari mwingine wa pensheni basi wewe mpaka sasa hukatwi chochote cha zaidi.

Mwajiri akigoma kabisa bado unaweza kuchangia mwenyewe kwenye skimu iliyosajiliwa, na hapa kodi iko upande wako. Tangu mwisho wa Desemba 2024 Kenya wanaruhusu mpaka 30,000 kwa mwezi ya michango ya pensheni itolewe kwenye mshahara kabla ya PAYE, zamani ilikuwa 20,000. Ndani ya hiyo 30,000 NSSF yako inahesabiwa, kwahiyo toa 4,320, inabaki nafasi ya 25,680. Sehemu ya juu ya mshahara wako inakatwa kodi asilimia 30, ukiweka 25,680 kodi inapungua 7,704, kwahiyo kilichotoka mfukoni mwako kweli ni 17,976. Omba ikatwe moja kwa moja kwenye mshahara ili nafuu ije mwezi ule ule, ukilipa mwenyewe kwa mkono itabidi uidai kwenye ritani ya mwaka.

Na sasa jumlisha: 8,640 ya NSSF na 25,680 yako ni 34,320 kwa mwezi, ambayo ni asilimia 11.44 ya mshahara. Miaka 10 inakupa mishahara ya miezi 13 na nusu na ushee. Yaani ukijaza nafasi yote ya kodi, kwa mizani ya mshahara wako unakuwa bado chini kidogo ya dereva, ambaye yeye sheria imemfanyia kazi yote. Najua watu wetu wakiona mshahara wa Nairobi wanakimbilia kiwanja Iyumbu, na kiwanja si kibaya, mimi mwenyewe ninacho, lakini kiwanja hakikulipi kila mwezi ukiwa na miaka 65 na huwezi kuuza kipande cha kulipia dawa.

Jambo la mwisho ni Februari. Huo ukomo haujatulia, sheria imepanga uwe unapanda kila Februari kwa miaka mitano. Kabla ya hapo kwa miaka mingi watu walikuwa wanachanga shilingi 200 tu, sheria mpya ikakaa mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani ilipofungua njia Februari 2023, ukomo ukaanza na 18,000, 2024 ikawa 36,000, 2025 ndo 72,000, na kuanzia Februari 2026 ni 108,000 na ile 8,000 ya Tier I inakuwa 9,000. Wanaolipwa chini ya 72,000 hawatasikia kitu. Nyie wa juu ndo mtaona mshahara umeshuka bila maelezo: utakatwa 6,480, nyongeza ya 2,160, ila kwa sababu inatoka kabla ya kodi mkononi utapungukiwa 1,512. Ukiona mwezi huo imebaki 4,320 basi mtu wa mishahara hajabadilisha mpangilio, mwambie mapema kwa sababu mkisubiri kuna malimbikizo na faini kwa mwajiri, na wewe miezi hiyo akaunti yako inakosa sehemu ya mwajiri pia.

Nafasi yako ya kodi hapo itapungua kuwa 23,520, kwahiyo fomu ya skimu binafsi irekebishe mwezi huo huo. Jumla ya mwezi itakuwa 36,480, na hiyo kwa mara ya kwanza inavuka asilimia 12 ya laki tatu zako. Halafu ukija Dodoma likizo pita ofisi ya NSSF na kitambulisho chako cha uanachama uchukue taarifa ya michango ya miaka yako ya huku, hakikisha mwajiri wa zamani alipeleka miezi yote, maana kwa pensheni ya huku inahitajika miezi 180 ya michango na hiyo michango haifutiki kwa sababu umevuka Namanga.