Ganzi ya vidole: splinti, sindano au kisu?

*Daktari, nina miaka 48, nashona nguo. Vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku hadi naamka kuvikung'uta, ila kidole kidogo kiko sawa. Majibu ya kipimo cha neva: neva ya kati, latensi ya mota milisekunde 5.6, amplitudo milivolti 7, kasi ya hisia mita 36 kwa sekunde. Neva ya alna: kawaida. Mmoja kaniambia nivae splinti ya kushikilia kifundo cha mkono, mwingine nichome sindano, wa tatu nipasuliwe. Nimfuate nani?*

Dada, wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa hatua yake ya ugonjwa huu wa neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Hatua yako imo ndani ya hizo namba.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini na pembeni ni mifupa, juu ni ligamenti ngumu isiyonyumbuka. Humo hupita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na neva ya kati. Kano zikivimba kidogo tu, au ukilala umekunja kifundo, shinikizo hupanda na anayeumia ni neva. Neva hiyo huhudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo ni cha neva ya alna, ambayo haipiti humo, ndiyo maana chako kimesalimika. Hata ngozi ya kiganja chini ya gumba huwa haifi ganzi, kwa sababu tawi lake huchipuka kabla ya njia hiyo na kupita juu ya ligamenti. Ikifa ganzi nayo, mimi huanza kutafuta tatizo juu zaidi, mkononi au shingoni.

Sasa namba. Neva ni kama waya wa umeme: ina ganda la nje na nyuzi za ndani. Ganda likichubuka, ishara huchelewa. Nyuzi zikifa, ishara hupungua ukubwa. Latensi ya mota, yaani muda wa ishara kufika kwenye msuli, katika maabara nyingi haitakiwi kuzidi milisekunde 4.4 au karibu na hapo, na kasi ya hisia inatarajiwa kufika mita 50 hivi. Yako imechelewa kote kuwili. Lakini amplitudo, yaani ukubwa wa ishara, ya milivolti 7 ni nzuri, kwa kuwa maabara nyingi hukubali kuanzia 4. Kwa hiyo ganda limeumia, nyuzi za misuli bado zinafanya kazi. Tunaita hali hiyo ya wastani.

Mstari wa alna usiudharau. Mkono wa baridi hupunguza kasi ya neva zote. Ngozi inatakiwa iwe na nyuzijoto 32 au zaidi wakati wa kupima. Kisukari nacho kwa kawaida hakichagui neva moja tu. Alna ya mkono huohuo ikiwa sawa, kosa liko pale kwenye njia.

Kwa hali yako ningeanza na splinti, kila usiku kwa wiki 6. Angalia umbo lake: nyingi za dukani huinua kifundo kuelekea nyuma, jambo ambalo nalo huongeza shinikizo. Toa kile kibamba cha chuma, kinyooshe hadi mkono ulingane na kigasha, kisha kirudishe. Vidole viachwe huru.

Usingizi ukiwa umeharibika kabisa, sindano ya steroidi inaongezwa, mara nyingi methilpredinisoloni miligramu 40. Huingizwa karibu na neva, kamwe si ndani yake. Ukisikia shoti ya umeme vidoleni sema papo hapo, sindano irudishwe nyuma. Nafuu huja ndani ya siku au wiki chache, ila kwa wengi tatizo hurudi ndani ya mwaka. Mwenye kisukari atarajie sukari kupanda kwa siku kadhaa. Ganzi ikirudi baada ya sindano ya pili, mimi siendelei kuchoma.

Hapo ndipo kisu. Mkono ukiwa umetiwa dawa ya ganzi ya sehemu tu, daktari hukata ligamenti yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikibaki hata sehemu ndogo, dalili huweza kuendelea, na hiyo ni sababu kubwa ya upasuaji kushindwa. Ganzi ya usiku mara nyingi huondoka mapema. Maumivu pande mbili za kiganja na udhaifu wa kushika huweza kuchukua miezi, kwa hiyo panga kazi ya mkasi ukijua hivyo.

Usisubiri wiki 6 ziishe ikiwa ganzi itakaa mchana kutwa, au mnofu wa chini ya gumba utaanza kubonyea. Jipime hivi: weka kiganja juu ya meza kikitazama dari, inua gumba kuelekea juu, mtu alisukume chini. Likishuka bila ubishi huku la kushoto linashindana, omba nafasi ya upasuaji, kwa sababu msuli ukishakonda unaweza usirudi hata neva ikiachiwa.