Kabla Hujaisifu Theluthi Mbili, Hesabu Viti

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa sheria anayejiandaa kuwa wakili, ameniandikia ujumbe mrefu. Anasema wamefundishwa kwamba ibara ya katiba inayohitaji theluthi mbili ya wabunge ili ibadilishwe huwa imekingwa vya kutosha, na anauliza kwa nini nchi nyingine zinajitwisha gharama ya kura ya maoni juu ya hiyo theluthi mbili. Nimemjibu kwa mistari michache. Hapa nataka kujibu kwa kirefu, kwa sababu nadhani wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna nia ileile niliyokuwa nayo mimi, yaani kuketi siku moja mezani ambapo katiba inaandikwa, na mezani pale jibu la kitabuni halitoshi.

Niliwahi kuwa mshauri wa sheria wa kamati iliyopitia rasimu ya katiba. Rasimu ile ilikuwa na orodha nzuri ya sura zilizokingwa: haki za binadamu, uhuru wa mahakama, ukomo wa madaraka. Sura hizo zisingeguswa bila theluthi mbili ya wabunge wote pamoja na kura ya maoni, na ibara nyingine zote zingebadilishwa kwa theluthi mbili peke yake. Wajumbe waliisifu orodha hiyo kwa siku nzima. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho wa rasimu, kwenye ibara inayoeleza jinsi ya kubadilisha katiba, na nikaona kwamba ibara hiyo yenyewe haikuwamo katika orodha.

Maana yake ni hii. Serikali inayotaka kufuta ukomo wa madaraka haina haja ya kwenda kwa wananchi. Inapeleka bungeni mswada wa kwanza unaobadilisha ibara ya mabadiliko, na kwa kuwa ibara hiyo haikukingwa, theluthi mbili zinatosha. Mswada huo unaondoa ukomo wa madaraka kwenye orodha. Kisha unakuja mswada wa pili, unaofuta ukomo wenyewe, nao pia unapita kwa theluthi mbili. Hatua zote mbili ni halali kwa maandishi ya katiba, na kura ya maoni haikuitishwa popote. Nilipolieleza hili, mwenyekiti, mtu mzima niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo, aliniambia mbele ya wajumbe wote, "Wakili, wewe unaona wezi hata mchana." Wakacheka, na pendekezo langu la mstari mmoja likaahirishwa.

Yaliyofuata yalikuwa vikao vingi vya kusahihisha nukta na mikato, nanyi mtanisamehe nikivipita. Toleo la mwisho lilipotoka, mstari ule ulikuwamo, neno kwa neno kama nilivyouandika, ila aliyepongezwa kwa kuugundua alikuwa mtu mwingine. Sikusema neno wakati ule. Leo nalisema, si kwa kudai pongezi (ingawa sitazikataa), bali ili uelewe kwamba mwandishi wa sheria analipwa ili aone wezi mchana, na asipowaona yeye hakuna mwingine mezani atakayewaona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usianze kusoma orodha ya yaliyokingwa. Anza na ibara ya mabadiliko, na uiulize kama inajikinga yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 255, imetaja mambo kumi yanayohitaji kura ya maoni, na la kumi ni sura hiyohiyo ya mabadiliko.

Ushauri wa pili ni kuuliza theluthi mbili hizo ni za nani. Chukua bunge lenye wabunge 300. Theluthi mbili ya wabunge wote ni 200, wawepo ukumbini wasiwepo. Lakini ikiwa katiba inasema theluthi mbili ya wabunge waliohudhuria na kupiga kura, na akidi ni nusu ya wabunge, basi siku ambayo wamehudhuria 150 kura 100 zinatosha, na hiyo ni theluthi moja tu ya bunge zima. Ndiyo maana katiba zilizoandikwa kwa uangalifu husema wazi kuwa hesabu ni ya wabunge wote. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 98, inakwenda mbali zaidi: kwa mambo yaliyoorodheshwa yanayogusa Muungano, hesabu inafanywa mara mbili, theluthi mbili ya wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, ili upande wenye watu wengi usiweze kuuamulia upande mdogo. Hapo ndipo unapoona shabaha ya wingi wa pekee, yaani sharti la kura nyingi kuliko nusu ya kawaida: kumlazimisha mwenye wingi wa leo aitafute ridhaa ya wasio wake.

Sasa nije kwenye kiini cha swali la msomaji wangu. Tuseme ibara inajikinga, na hesabu ni ya wabunge wote. Je, tumemaliza? Kisa kinachojibu swali hilo kilitokea Afrika Kusini, na kila anayetaka kazi hii anapaswa kukijua kama anavyojua jina lake.

Sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 1909, iliyokuwa katiba ya Muungano wa Afrika Kusini, ilikinga haki ya kupiga kura ya watu wasio weupe katika jimbo la Rasi. Kifungu cha 35 ndicho kilichobeba haki hiyo, na kifungu cha 152 kilisema kwamba haki hiyo haitaondolewa isipokuwa mabunge yote mawili, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, yakae pamoja na mswada upate theluthi mbili ya wajumbe wote wa mabunge hayo katika kusomwa kwa mara ya tatu. Kifungu cha 152 kilijikinga chenyewe kwa masharti hayohayo. Ukikisoma kwa vipimo viwili nilivyovitaja, kinafaulu vyote. Wapigakura Waafrika waliondolewa katika daftari la pamoja mwaka 1936 kwa kufuata utaratibu huo, kwa kuwa theluthi mbili zilipatikana bila taabu. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba wingi wa pekee haumlindi asiye na wa kumtetea ukumbini.

Mwaka 1951 serikali ya chama cha National ilitaka kuwaondoa pia wapigakura wa asili mchanganyiko, lakini safari hii haikuwa na theluthi mbili. Ikapitisha sheria kwa wingi wa kawaida, kila bunge likikaa peke yake, kwa hoja kwamba tangu mwaka 1931, Uingereza ilipowapa makoloni yake makubwa uhuru wa kutunga sheria, Bunge la Afrika Kusini halifungwi tena na kifungu chochote. Kitengo cha Rufaa cha Mahakama Kuu, katika shauri la Harris la mwaka 1952, kiliibatilisha sheria hiyo. Hoja ya majaji ni ya kukaririwa: kwa jambo lililokingwa, "Bunge" maana yake ni mabunge mawili yaliyokaa pamoja na kutoa theluthi mbili, kundi lolote lililokaa vinginevyo si Bunge kwa jambo hilo, hata wajumbe wakiwa ni walewale na ukumbi ni uleule. Mwaka huohuo serikali ilitunga sheria ya kuwafanya wabunge wenyewe kuwa mahakama ya juu ya kupitia hukumu za aina hiyo. Majaji wakasema kwamba hiyo si mahakama, ni Bunge lenye jina jingine, na wakaibatilisha nayo.

Hadi hapo wanasheria wengi hufunga kitabu na kushangilia. Mimi nakuomba usifunge, kwa sababu mwaka 1955 serikali ilifanya jambo lililokuwa rahisi kuliko yote. Muundo wa Seneti haukuwa umekingwa. Kwa wingi wa kawaida Bunge lilipitisha Sheria ya Seneti, ikaongeza maseneta kutoka 48 hadi 89, na ikabadilisha namna ya kuwachagua kwa kuondoa uwiano wa vyama, hivi kwamba chama chenye wingi katika jimbo kilichukua viti vyote vya jimbo hilo. Chama tawala kikapata viti 77 kati ya 89. Theluthi mbili ambazo hazikupatikana kwa miaka minne sasa zilikuwapo, na mwaka 1956 kikao cha pamoja kikapitisha mabadiliko kwa kufuata kifungu cha 152 herufi kwa herufi. Shauri lilipopelekwa mahakamani, majaji kumi kati ya kumi na mmoja waliona kwamba kila hatua ilikuwa ndani ya mamlaka ya Bunge. Jaji Schreiner peke yake alikataa, akisema kwamba Seneti iliyotengenezwa ili kupata kura hizo si bunge lililokusudiwa na kifungu hicho. Naomba pia uangalie idadi hiyo ya majaji: mwaka 1955 sheria nyingine ya kawaida ilikuwa imetaka mashauri ya aina hiyo yasikilizwe na majaji kumi na mmoja badala ya watano.

Kwa hiyo swali la tatu, ambalo sijaona likiulizwa mara nyingi, ni nani anayeamua idadi na upatikanaji wa wale watakaopiga kura hiyo ya theluthi mbili. Ikiwa idadi ya wabunge, viti vya kuteuliwa au mipaka ya majimbo inaweza kubadilishwa kwa sheria ya kawaida, basi theluthi mbili zako zinategemea nusu na moja.

Hapa ndipo kura ya maoni inapopata kazi yake. Serikali inaweza kuongeza maseneta 41 kwa alasiri moja, lakini haiwezi kuongeza wapigakura wa nchi nzima kirahisi hivyo. Isitoshe, theluthi mbili bungeni mara nyingi huwa ni zao la mfumo wa uchaguzi, ambao huweza kumpa mwenye kura nusu nchini viti vingi zaidi ya nusu. Kura ya maoni huirudisha hesabu kwa watu wenyewe, na juu ya swali moja lisilochanganywa na uchaguzi wa wabunge.

Usije ukaiabudu, hata hivyo. Kura ya maoni isiyo na kiwango cha mahudhurio inaweza kuamuliwa na wachache siku ambayo wengi wamekaa nyumbani, na iliyo na wingi wa nchi nzima tu inaweza kuyameza maeneo madogo. Kenya iliweka masharti mawili pamoja: wingi wa kawaida wa waliopiga kura, na angalau asilimia 20 ya wapigakura waliojiandikisha wajitokeze katika kila moja ya kaunti zisizopungua nusu ya kaunti zote 47. Lililobaki ni swali lenyewe. Mapendekezo mengi yakifungwa ndani ya "ndiyo" moja, mwananchi anayetaka moja analazimika kuyameza yote. Katika shauri la BBI, mpango wa kubadilisha mambo mengi ya katiba ya Kenya kwa pamoja, lililoamuliwa tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya iliona kwamba suala la idadi ya maswali lilikuwa halijafikia wakati wa kuamuliwa. Kwa hiyo ukipewa kalamu, andika katika ibara ya mabadiliko yenyewe kwamba kila jambo lililokingwa litapigiwa kura peke yake, na usimwachie mtunga sheria ya kura ya maoni akuamulie.